Ndani ya Mstari Hakuna Dada

Zubeda aliniita mara mbili. Alisema "C!" kisha akasema tena "C!", kwa sauti iliyopita juu ya kelele zote za uwanja ule wa Korogwe, na mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, mpira mkononi. Kesho yake, katika ofisi ya walimu, niliulizwa kama aliita. Nikasema sikusikia. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nimesema uongo mwingine tangu hapo, kama watu wote, lakini mwingi siukumbuki na haukumdhuru mtu. Huu naukumbuka, na aliyeumia namjua kwa jina.

Ninaandika kwa sababu Madam Stella, mwalimu aliyetufundisha netiboli, amefariki. Tulimzika Masuguru mwezi uliopita. Wanawake tulikaa kwenye mikeka chumba cha nyuma, viti vilikuwa vya wanaume nje, na chai ilikuja na mihogo ya kuchemsha, kisha wali na maharage. Mimi nilikuwa karibu na mlango wa jikoni, mahali ninapopenda kukaa popote kwa sababu maneno ya pande zote mbili hufika pale. Upande wa jikoni walikuwa wanabishana kama chumvi imeshawekwa. Upande wa mikekani Rehema alikuwa anahadithia. Rehema ndiye aliyekuwa nahodha wetu; siku hizi ana sauti ya mtu aliyezoea kufungua vikao. "Tumefungwa kumi na nne kwa saba," alikuwa anawaambia wanawake wa mtaani, "mapumziko yakafika, Madam akatukumbatia wote, akasema wanangu, nendeni mkapigane kwa moyo, Mungu yupo. Tukalia. Tukarudi uwanjani wengine kabisa." Wanawake wakaguna kwa huruma. Mmoja akafuta jicho. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyekumbatiwa. Madam hakutaja moyo hata mara moja, na alikuwa mtu wa kanisani kabisa lakini hakumwingiza Mungu katika mpira. Alichosema nilikiandika wiki ile ile, nyuma ya daftari langu la jiografia, kwa sababu hata wakati ule nilikuwa na tabia ya kuandika mambo kwa mpangilio. Daftari bado ninalo. Nitaliweka hapa kama lilivyo, lakini kwanza lazima nieleze habari ya ndoo.

Shule yetu ilikuwa Handeni, na Handeni maji yalikuwa kazi. Bomba la shule lilitoa upepo miezi mingi ya mwaka, na sisi tulikwenda lamboni, bwawa lililochimbwa kwa ajili ya ng'ombe, tukarudi na ndoo kichwani na matope kwenye vidole. Kidato cha nne hawakwenda. Kila msichana wa kidato cha nne alikuwa "dada", na kila dada alikuwa na wadogo wake wa kumletea maji. Mdogo hakumwita dada kwa jina tupu, hakumpazia sauti, na hakunawa kabla dada hajanawa. Hakuna mwalimu aliyeandika sheria hiyo. Tuliirithi kwa waliotutangulia pamoja na vitanda vya deka na kunguni wake. Mimi nilikuwa kidato cha tatu na dada yangu alikuwa Rehema. Nililala kitanda cha chini, yeye cha juu, na alikuwa mwema kwangu: alinigawia karanga kutoka kwenye tranka lake, alinisuka nywele Jumapili, aliwahi kumfukuza msichana aliyeniibia sabuni. Nasema hivi ili isionekane kwamba nilikuwa mateka wake. Nilimpenda. Nilikuwa nabeba ndoo yake nikiimba.

Zubeda alikuwa kidato cha pili, ametoka Kwedizinga, mrefu kuliko walimu wengi, na kwa urefu ule watu walimwita Nguzo. Aliinama akitembea kama anaomba radhi kwa milango. Madam alimwona siku moja anatundika nguo kwenye kamba bila kunyanyua visigino, akamwambia vua kandambili, njoo uwanjani. Katika miezi minne alikuwa mfungaji bora niliyepata kucheza naye mpaka leo. Alisimama chini ya pete, akapokea mpira juu ya kichwa ambako hakuna mkono mwingine uliofika, akatulia, akakunja goti kidogo, akausukuma kwa ncha za vidole. Haukugusa chuma. Mama yake alikuwa ameshamwambia kwamba mpira usipomfikisha popote mwaka ule aache, ashike kitabu tu. Hivyo mechi ya Korogwe kwake haikuwa mechi tu. Walimu wawili walikuwa wamekuja na makaratasi kuchagua timu ya mkoa, na atakayechaguliwa angekwenda kambini Tanga, akaonekane na watu wa timu kubwa. Zubeda aliniambia hayo njiani, ndani ya lori, akiwa ameshikilia viatu vyake mapajani ili visichafuke. "Dada Mwanaisha," aliniuliza, "wanaandika mabao tu au wanaandika na unavyosimama?" Nikamwambia wanaandika vyote. Sikujua lolote.

Asiyejua netiboli atanifuata kwa urahisi. Kila upande una wachezaji saba, kila mmoja ana herufi kifuani na mgongoni, na herufi inakwambia unaruhusiwa kukanyaga wapi. Mimi nilikuwa C, yaani senta: naanzisha mpira katikati, nakwenda uwanja mzima isipokuwa ndani ya zile nusu duara mbili za magoli. Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, GS na GA, tena wakiwa ndani ya nusu duara. Zubeda alikuwa GS, anayekaa karibu na pete. Rehema alikuwa GA, anayetoka mbali zaidi na kuingia. Ukishika mpira hutembei nao, na una sekunde tatu kuutoa. Sekunde tatu ni chache sana kwa mtu anayefikiria heshima. Kipindi cha kwanza, kila nilipofika kwenye mdomo wa nusu duara na mpira, nilimpa Rehema. Neema, aliyekuwa WA, winga wetu wa mbele, naye kidato cha tatu, alimpa Rehema. Hatukupanga. Mkono ulikwenda wenyewe kwa dada, kama ndoo. Na Zubeda hakuomba, kwa sababu mdogo hamkatizi dada. Alinyanyua kiganja kidogo usawa wa bega, kama mwanafunzi asiye na uhakika wa jibu.

Wasichana wa Korogwe hawakuwa wajinga. Baada ya dakika chache GK wao, mlinzi wa mwisho ambaye kazi yake ni kumkaba GS, alimwacha Zubeda peke yake chini ya pete, akaenda kumsaidia mwenzake kumkaba Rehema. Wawili kwa mmoja. Rehema alipokea akiwa amebanwa, akarusha huku anaanguka, mpira ukagonga chuma. Watazamaji wakaanza: "Nguzo hiyo imewekwa umeme au bado?" Mwingine: "Waning'inizieni taa!" Walikuwa wanamcheka Zubeda, ambaye hakuwa amekosea kitu. Filimbi ya mapumziko ilipolia ilikuwa saba kwa kumi na nne.

Mapumziko yalikuwa dakika tano. Madam Stella alituketisha chini kwenye kivuli cha ukuta wa madarasa, miguu imenyooshwa, na kwa dakika nzima hakusema neno. Aligawa maji, vikombe viwili kwa watu saba, na vipande vya chungwa. Alikuwa anangoja vifua vitulie. Alijua kwamba mtu anayehema hasikii. Dakika hiyo hiyo ndiyo aliyoichukua makamu mkuu wa shule. Alikuja na suti yake, akasimama juu yetu. "Mnatia aibu! Nimeacha kazi zangu kuja kuangalia hivi? Madam, huyu mrefu mtoe. Amesimama tu pale anaota." Zubeda akaacha kutafuna. Madam hakugeuka. Alihama tu, akasimama kati yake na sisi, mgongo kwake. "Mwalimu," alisema, "nimebakiwa na dakika nne." Kisha akachuchumaa mpaka macho yake yakawa usawa wa yetu, na sauti ikashuka. Tulilazimika kuinama mbele ili tusikie. Alikuwa na hasira kuliko nilivyowahi kumwona, lakini alizungumza polepole. Daftari linasema hivi.

"Mmechoka. Na wao wamechoka. GK wao anashika kiuno kila tukifunga. Nina jambo moja. Zubeda, umeshika mpira mara ngapi?"

"Mara tatu, Madam."

"Umefunga mangapi?"

"Matatu."

"Sikilizeni. GK wao amemwacha Zubeda, yuko kwa Rehema. Rehema ana watu wawili, Zubeda hana mtu. Wameliona hilo tangu dakika ya tano. Wamewajua kwamba hamuwezi kumpita dada." Akatutazama mmoja mmoja. "Bwenini mna dada, sawa. Ndani ya mstari hakuna dada. Kuna herufi saba. Zubeda, ukiwa wazi unaita herufi ya mwenye mpira, kwa nguvu. Husemi dada, husemi naomba. Na mwenye mpira akisikia herufi yake anatoa. Hafikirii."

"Rehema. Wewe ndiye wanayemwogopa, kwa hiyo wewe ndiye utakayewatoa pale. Neema akishika, kimbia kona ya kushoto, nje kabisa ya nusu duara. Kimbia kama unautaka mpira kweli. Watakufuata. GK akishtuka akarudi kwa Zubeda, wewe umebaki na mmoja: ingia, utapewa."

"C, mpira wa kuanzia mpe Neema. Neema, rudisha kwa C kwenye mdomo wa nusu duara. C, unamwangalia GS kwanza. Mpira wa juu, mikono miwili, uangukie nyuma ya GK. Walinzi, refa anawapigia filimbi kwa sababu mnasimama puani mwao. Rudini hatua moja, ndipo mnyanyue mikono. Basi. Sasa niambieni nyinyi."

Akatuzungukia, kila mmoja akasema kazi yake kwa sentensi moja. Neema: "Narudisha kwa C." GD wetu, mlinzi anayemkaba GA: "Hatua moja, mikono." Rehema alisema "Nakimbia kona" huku anaangalia ganda la chungwa. Ilipofika kwa Zubeda alinong'ona, "Naita herufi."

"Iite."

"C."

"Niko hapa na sikusikii."

"C!" Watu upande wa pili wa uwanja waligeuka. Neema akacheka, nami nikacheka, na kwa mara ya kwanza siku ile Zubeda alisimama wima, urefu wake wote. Hayo ndiyo maneno. Hayakufika hata dakika tatu. Ukiyasoma utaona hayana machozi ndani yake, na ninakasirika kwa sababu mwanamke aliyeweza kuona uwanja namna hiyo, aliyeona mpaka kiuno cha adui, amezikwa akisifiwa kwa kukumbatia watoto.

Lakini kuna maneno mengine ambayo hayamo daftarini, kwa sababu sikutaka kuyaona kwa mwandiko wangu. Tulipokuwa tunarudi uwanjani, tukibadilishana upande, Rehema alinipita begani. Hakusimama. "Mambo ya Madam sawa," alisema. "Lakini ya mwisho nipe mimi. Wale walimu wanaandika." Nikasema, "Sawa, dada." Ndani ya mstari.

Kipindi cha pili kilikwenda kama alivyokichora. Senta kwa Neema, Neema kwangu, Rehema akakimbia kona na kuvuta wawili, Zubeda akaita, mpira ukapanda, mpira ukaingia. Mara ya kwanza GK wao alicheka. Mara ya tano alimgombeza mwenzake kwa Kishambaa na kurudi mbio kwa Zubeda, na papo hapo Rehema akabaki na mmoja, akaingia, akafunga manne. Wale waliokuwa wanataka taa kwenye nguzo walianza kuhesabu kwa sauti kila Zubeda alipofunga, mpaka tisa. Makamu alikuwa anapiga makofi. Nilikuwa na furaha ambayo sijui nimeipata tena wapi: kusikia herufi yako ikiitwa na mtu anayejua anachotaka, na mkono ukaenda bila kuomba ruhusa kwa mtu. Ishirini kwa ishirini na moja. Wao wakarusha, wakakosa, GK wetu akaudaka, akautoa kwa GD, ukaja kwangu, nikampa Neema, akanirudishia kwenye mdomo wa nusu duara. Mtunza muda alikuwa ameshanyanyua mkono. Bao moja lingetupeleka muda wa nyongeza. Rehema alikuwa ndani upande wa kushoto, GD wao amemganda na GK anamjia. Chini ya pete Zubeda alikuwa peke yake kabisa. Akaita. Akaita tena. Rehema hakuita. Alinitazama tu, kama anavyotazama mtu aliyeagiza kitu na anajua kinakuja.

Nilimpa Rehema. GD wao aliukata mpira kwa vidole viwili, na filimbi ya mwisho ikalia mpira ukiwa bado unadunda nje ya mstari.

Ofisi ya walimu ilinukia chaki na maandazi. Tulikuwa wanne: makamu mezani, Madam dirishani na daftari lake la mazoezi, Zubeda na mimi tumesimama. Shule ilitakiwa ipeleke majina matatu kwa wale wachaguzi. Makamu alitaka kwanza kujua nani aliharibu. "Maelekezo yalikuwa GS aite," alisema. "Sasa wewe Nguzo, uliita?"

"Niliita, mwalimu."

"Wewe C. Aliita?"

Kulikuwa na saa ya ukutani iliyosimama. Rehema alikuwa nje, mlangoni, naona sketi yake. Sekunde tatu ni nyingi sana ukiwa huna mpira mkononi. Nikasema, "Sikusikia, mwalimu." Makamu akaandika: Rehema, GK wetu, mimi. Zubeda hakulia wala hakubisha. Alinigeukia akanitazama kwa mshangao, kama mtu aliyesomewa barua ambayo si yake. Madam alifunga daftari lake. Alikuwa amesimama pembeni mwa uwanja upande ule ule, karibu na goli kuliko mtu yeyote. Alisikia; lazima alisikia. Alimwambia makamu, "Msichana huyu ameita," na makamu akajibu kwamba mwenye mpira ndiye shahidi. Madam mwenyewe hakuniuliza, siku ile wala baadaye. Aliendelea kunifundisha mwaka mzima, akanirekebisha mikono, akanipa maji, bila neno moja kali. Ningependa angenitukana. Zubeda alirudisha kizibao chake cha GS kimefuliwa na kukunjwa, na muhula uliofuata hakuwa shuleni kwetu.

Kwa hiyo pale mikekani Masuguru, Rehema alipofika mwisho wa hadithi yake, nilikuwa nimeshashika kikombe kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. "Tungeshinda," alikuwa anasema. "Ila kulikuwa na mtoto mmoja mrefu, maskini, aliambiwa aite mpira, woga ukamshika."

"Woga haukunishika," alisema mtu kutoka mlango wa jikoni, nyuma yangu kabisa.

Alikuwa na mwiko mkononi. Ndiye aliyekuwa anabishana habari ya chumvi. Alikuwa amekuja asubuhi kutoka Mkumbara, ambako analima na kuuza nyanya barabarani, akaingia moja kwa moja kusaidia kupika, na mimi ninayejidai kusikia pande zote mbili sikuijua sauti yake. Aliinama kidogo kupita mlangoni. Rehema alimtazama, akatabasamu kama kwenye kikao. "Zubeda! Jamani, karibu, mdogo wangu, njoo ukae." Zubeda hakukaa.

"Dada Mwanaisha," alisema. "Siku ile ulinisikia?"

Mama mmoja mzee akauliza nini, jirani yake akamwambia nyamaza bibi. Niliweka kikombe chini. Hasira niliyokuwa nayo kwa Rehema tangu asubuhi ilikuwa imeshageuka na kunitazama mimi.

"Nilikusikia," nilisema. "Uliita mara mbili. Nilikusikia zote."

"Jamani," alisema Rehema, "leo ni msiba."

Zubeda aliukung'uta mwiko taratibu kwenye kiganja. Hakuonekana kushinda wala kushukuru. Alionekana anahesabu.

"Tatu," alisema. "Niliita mara tatu." Akarudi jikoni.

Nimefungua daftari la jiografia. Humo niliandika kwamba Zubeda aliita mara mbili, kwa kalamu ya bluu. Aliyekuwa karibu na goli kuliko wote tumeshamzika.